Kwa nini milioni 100 za Benki Kuu hazifiki bilioni moja

"Benki Kuu ikinunua hati fungani za falanga milioni 100 na akiba ya lazima, ile sehemu ya amana ambayo benki haruhusiwi kukopesha, ni asilimia 10, pesa si zinaongezeka kwa bilioni moja?"

Hapana. Hicho ni kikomo cha juu tu. Tuseme benki moja ya Lubumbashi imeiuzia Benki Kuu hati hizo. Siku hiyo imebadilisha mali moja kwa nyingine: hati zimeondoka, akiba imeongezeka kwa milioni 100. Mikononi mwa watu bado hakuna falanga mpya hata moja. Pesa huzaliwa benki inapokopesha.

Sasa inamkopesha mfanyabiashara wa soko la Kenya, hapo hapo Lubumbashi, naye anawalipa wauzaji wa unga. Wangerudisha kila falanga benki, na kila benki ikopeshe asilimia 90 ya amana mpya, mwisho wake ungekuwa 1 ÷ 0.1, yaani mara 10. Lakini watu wetu hukaa na noti. Wakishika falanga 50 mkononi kwa kila 100 za akaunti, yaani 0.5, na akiba ya lazima ikiwa 0.1, hesabu ni hii:

(1 + 0.5) ÷ (0.5 + 0.1) = 2.5

Milioni 100 zinazaa milioni 250, basi. Benki ikiogopa kukopesha na kulaza akiba ya ziada, zinapungua tena. Tena hapa kwetu Kongo amana nyingi ni za dola, na dola Benki Kuu haiwezi kuziumba kwa kununua hati.