Barua ya miwani shuleni: "akae mbele" haitoshi

Siku moja mama mmoja alinionyesha kwenye simu barua aliyompelekea mwalimu wa darasa wa bintiye mwenye miaka saba. Ilisema: "Mwanangu amepewa miwani. Naomba akae mbele. Asante." Mwalimu alitii, akamketisha dawati la kwanza. Miezi mitatu baadaye nilipompima, jicho la kulia lilikuwa pale pale nilipoliacha, kwa sababu miwani ilikuwa ikishinda mfukoni tangu asubuhi hadi kengele ya kurudi nyumbani.

Nimeshaona barua za namna hii nyingi mno, na zote zimejengwa juu ya imani moja: kwamba mtoto wa miwani ni mtoto asiyeona ubaoni, kwa hiyo ukimsogeza mbele shida imekwisha. Kwa asiyeona mbali, hiyo ni nusu ya ukweli: ubao kweli haoni, lakini kumsogeza peke yake hakutoshi. Mwenye lenzi zenye nguvu ya -2.00, bila miwani huona sawasawa hadi nusu mita tu, kwa hiyo hata dawati la kwanza halimfikishi ubaoni. Akivaa miwani yake na kusoma mstari wa 6/6, ule wa macho mazima, anaweza kukaa popote, hata nyuma kabisa. Haya hayahitaji maneno mengi.

Binti huyu ni habari nyingine. Miwani yake ni ya kujumlisha, ya macho yanayolazimika kujikaza hata kuona mbali: +5.50 kulia na +2.00 kushoto. Jicho la kushoto, hata bila miwani, linajikaza kwa msuli wake wa ndani na kuuona ubao vizuri. La kulia limeachwa mbali sana, na ubongo umezoea kulipuuza. Ndilo tunaloliita jicho vivu. Hata likivaa lenzi yake bado liko chini sana ya 6/6, na lenzi peke yake haiwezi kuongeza zaidi ya hapo siku hiyo hiyo. Linahitaji kupata picha safi kila siku, kwa miezi, hadi ubongo ulikubali.

Sasa fikiria darasani. Mwalimu anamwona mtoto anachungulia juu ya fremu. Anamuuliza, "Unaona vizuri ukivaa au ukivua?" Mtoto anajibu ukweli mtupu: "Nikivua." Kwa hiyo anaambiwa avue. Simlaumu mwalimu hata kidogo, maana hakuna aliyemwambia kwamba jibu hilo lilitarajiwa. Msuli uliozoea kujikaza miaka yote haulegei kwa siku moja. Wiki za kwanza, lenzi za kujumlisha hufanya ubao uonekane na ukungu kidogo. Tena swali lenyewe lilijibiwa na jicho zima. Macho yote mawili yakiwa wazi, jicho vivu halisikiki kabisa.

Hapa nami nina la kukiri. Kwa matone ya kulegeza msuli nilipata +6.00 na +2.50, nikapunguza 0.50 kila upande ili ukungu huo upungue na mtoto aikubali miwani. Wenzangu wengine wangetoa namba kamili. Kila mtoto anaporudi na miwani mfukoni, najiuliza kama ningepunguza zaidi. Na kila anayerudi akiwa ameizoea, najiuliza kama nilipunguza bure.

Tulianza upya. Safari hii mwalimu alielezwa, miwani ikavaliwa kutwa, na jicho likapanda kidogo hadi 6/24 kisha likasimama. Ndipo nikaongeza kibandiko juu ya jicho la kushoto, saa mbili kwa siku. Kwa kawaida napendelea saa hizo ziwe nyumbani, lakini mama huyu hurudi nyumbani kutoka kazini usiku, kwa hiyo ikabidi ziwe saa mbili za kwanza za masomo shuleni. Sikuwa na raha na uamuzi huo. Mtoto mwenye kibandiko usoni hutazamwa na darasa zima, na yeye ndiye anayeubeba mzigo huo, si mimi.

Kwa saa hizo mbili, mahali pa kukaa pakawa jambo kubwa kweli. 6/24 maana yake herufi ambayo wengine wanaisoma wakiwa mita 24, yeye anaisoma akiwa mita 6. Kwa umbali huo wa mita 6, herufi ya mwisho anayoweza kuitambua ina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. Kuitambua kwa shida si kusoma. Ili asome bila kuchoka inafaa iwe kama mara mbili ya hapo, na ni walimu wachache wanaoandika herufi za sentimita saba. Akisogezwa hadi mita 2, herufi ya mwisho inashuka hadi kama sentimita moja na robo, na ya kusoma kwa raha inakuwa mbili na nusu. Huo ni mwandiko wa kawaida wa ubaoni.

Na "mbele" peke yake bado ni neno pungufu. Jicho la kushoto likifunikwa, pua inaziba sehemu ya upande huo. Ukimweka kulia mwa darasa, ubao, mwalimu na wenzake wote wako upande asiouona vizuri, na atashinda amegeuza shingo. Akae kushoto mwa katikati, ili mambo yawe kuliani kwake. Lakini asisukumwe hadi ukutani, kwa sababu lenzi ya +5.50 hupinda picha kwenye kingo zake, na mtoto anayeutazama ubao kwa mshazari hutazama kupitia kingo hizo hizo.

Michezo ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi na mama yule. Kukimbia na kuruka kamba, avae miwani yake ya kawaida. Mpira ni jambo jingine. Lenzi za polikaboneti hazivunjiki kirahisi, na wazazi wengi huishia hapo, lakini fremu ya kawaida ikipigwa na mpira inaweza kuvunjika au kuiachia lenzi irudi nyuma kwenye jicho. Kinachotakiwa ni miwani ya michezo: fremu nene ya kipande kimoja, lenzi za polikaboneti zenye namba zake, na mkanda nyuma ya kichwa. Kwa mtoto huyu sikulegeza. Kiwiko kikilipata jicho la kushoto, atabaki na 6/24.

Barua ya pili tuliiandika pamoja pale pale:

"Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miwani ya kuvaa kutwa, hata akisoma na hata akisema anaona vizuri bila miwani. Jicho lake la kulia ni dhaifu na linatibiwa kwa miwani hiyo. Saa mbili za kwanza za masomo atafunika jicho la kushoto. Naomba wakati huo akae mbele, mita mbili hivi kutoka ubaoni, kushoto kidogo mwa katikati, na asihesabiwe mvivu akichelewa kunakili. Vipindi vingine anaweza kurudi kwenye dawati lake la zamani na rafiki zake. Kwenye mpira avae miwani ya michezo iliyo kwenye begi. Akiisahau siku hiyo, naomba asicheze mpira, akimbie tu. Ukimwona anachungulia juu ya fremu, au miwani inateleza puani, tafadhali nipigie simu ili nimrudishe kliniki."

Sentensi ya kurudi kwa rafiki zake aliiomba mtoto mwenyewe. Mimi sikuwa nimeifikiria.