Kushoto geuka, mara mbili

"Chanya mara chanya ni chanya, hasi mara hasi ni chanya. Sasa hii i, ikizidishwa kwa yenyewe, −1 inatoka wapi?"

Hilo ni swali kuhusu i, alama ya namba ambayo mraba wake ni −1. Jibu: inatoka kwenye kugeuka. Kuzidisha kwa i ni kugeuza mshale robo mzunguko kuelekea kushoto. Robo mbili zikikutana ni nusu mzunguko, na kugeuza nusu mzunguko ndiko kuzidisha kwa −1. Kwa kuwa i si chanya wala si hasi, kanuni mbili za muulizaji hazijavunjwa. Ni kwamba haziihusu i.

Kinachowakwamisha wengi si i, bali dhana ya zamani zaidi: kwamba kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudiarudia. Kwa 3 × 4 dhana hiyo inatosha. Kwa 3 × (−1) bado unaweza kuilazimisha. Kwa (−1) × (−1) imekwisha kufa, maana hakuna anayejumlisha kitu "mara hasi moja", ila tulikariri jibu tukasonga mbele. Afadhali kuiona namba kama agizo linalotolewa kwa mshale ulioanza sifuri. Namba 3 inasema: refuka mara tatu. Namba −1 inasema: baki na urefu wako, elekea upande wa pili. Hasi mara hasi inakuwa chanya kwa sababu mshale uliogeuzwa mara mbili umerudi ulikokuwa unaelekea.

Fikiria gwaride la shule. "Nyuma geuka!" ni −1. Uliza sasa: agizo gani, likitolewa mara mbili mfululizo, huwafikisha wanafunzi palepale ambapo "nyuma geuka" ingewafikisha? Kila aliyewahi kusimama paredi analijua: "kushoto geuka". Hiyo ndiyo i. Wapo watakaosema "kulia geuka" nayo inafaa, na hawajakosea. Hiyo ni −i, na mraba wake pia ni −1. Ila mwanafunzi aliyebanwa katika korido nyembamba, asiyeweza kutazama popote isipokuwa mbele au nyuma, hana jinsi ya kugeuka robo. Mstari wa namba halisi ni korido hiyo. Mraba wa namba halisi hauwi hasi kwa kuwa ndani ya mstari hakuna nusu ya "nyuma geuka".

Kwa hiyo tunatoka kwenye mstari na kuingia kwenye bapa. Namba a + bi, ambapo a na b ni namba halisi, huitwa namba changamano, na sasa inakuwa nukta (a, b): a kwa mlalo, b kwa wima. Kujumlisha ni kwa kawaida, mlalo na mlalo, wima na wima. Kurefusha kwa namba halisi nako ni kwa kawaida. Mpaka hapo tuna nafasi ya vekta yenye vipimo viwili juu ya namba halisi, basi. Nafasi hiyo peke yake haijui lolote kuhusu i, na hili husahaulika sana: si bapa linalozifanya namba hizi kuwa changamano, ni kanuni ya kuzidisha iliyowekwa juu yake. Bapa hilohilo unaweza kulipa kanuni nyingine, tuseme alama j ambayo mraba wake ni +1 ingawa yenyewe si 1 wala −1. Utapata kwamba (1 + j)(1 − j) = 0, yaani vitu viwili visivyo sifuri vimezaa sifuri, na kugawanya kunaharibika.

Turudi kwa i. Ili kujua kuzidisha kwa a + bi kunalifanyia nini bapa zima, inatosha kujua kunawafanyia nini washiriki wawili, 1 na i, kwani nukta nyingine zote ni mchanganyiko wao. Moja inakwenda kwenye a + bi, yaani (a, b). Alama i inakwenda kwenye ai + bi², yaani (−b, a). Ziandike nukta hizo mbili kama safu wima na matriksi, yaani jedwali la namba linaloeleza mageuzi hayo, imekamilika:

```
a  −b
b   a
```

Safu zote mbili zina urefu uleule, √(a² + b²), na zinakutana kwa pembe ya nyuzi 90. Kwa hiyo mraba uliochorwa kwenye bapa unabaki mraba: umekuzwa na kuzungushwa, haukupinda. Matriksi yoyote ya mbili kwa mbili utakayokutana nayo, itazame: kama namba za ulalo mkuu, wa kutoka juu kushoto hadi chini kulia, hazilingani, au hizo nyingine mbili si kinyume cha mwenzake, hiyo si namba changamano. Kioo kinachobadili a + bi kuwa a − bi kinaanguka kwenye mtihani huu, japo hakiharibu urefu wowote.

Tuijaribu kwenye kisa cha kweli. Mwaka 1572 mwanahisabati Mwitalia Rafael Bombelli aliuchukua mlinganyo x³ = 15x + 4, ambao jibu lake mojawapo ni 4 bila utata wowote (64 = 60 + 4). Kanuni ya milinganyo ya aina hii, aliyoichapisha Mwitalia mwenzake Cardano mwaka 1545, inadai jibu liwe kipeuo cha tatu cha 2 + √−121 kikijumlishwa na kipeuo cha tatu cha 2 − √−121. Bombelli aligundua kwamba kipeuo cha kwanza ni 2 + √−1. Alifika kwa aljebra tupu; hakuchora mzunguko, na matriksi hazikuwepo. Sisi tunaweza kuhakiki kwa kuzizidisha:

```
2  −1        3  −4        2  −11
1   2   →    4   3   →   11    2
```

Ya kwanza ni 2 + i, ya pili ni mraba wake, ya tatu ni kipeo chake cha tatu: 2 + 11i, na 11i ndiyo √−121. Pembe zinakubali pia. Mshale wa 2 + i umeinuka takriban nyuzi 26.57 na una urefu √5. Ule wa 2 + 11i umeinuka nyuzi 79.70, mara tatu yake, na una urefu 5√5. Kisha jumlisha matriksi ya 2 + i na ile ya 2 − i. Hizo −1 na 1 za pembeni zinafutana, zinabaki 4 na 4 kwenye ulalo mkuu. Jibu la Bombelli hilo.

Aliyeandika waziwazi kwamba kuzidisha ni kujumlisha pembe alikuwa mpimaji ardhi, Caspar Wessel, mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Denmaki. Aliwasilisha andiko lake mwaka 1797, likachapishwa 1799, na kwa karibu miaka 100 halikusomwa na wengi. Mtu anayeshinda akipima pembe na umbali kuliona hili kabla ya wengine hainishangazi, ingawa hilo ni kisio langu.

Tahadhari moja. Robo mzunguko si matriksi pekee yenye mraba wa −1. Hii nayo inao:

```
1  −2
1  −1
```

Inapindisha miraba, lakini ukiitumia mara mbili kila mshale umegeuka nyuma kamili. Ukiichagua hii badala ya i, hesabu zote za kujumlisha na kuzidisha zinakwenda vilevile. Ni picha tu inayoonekana imechorwa kwenye karatasi iliyovutwa upande. Mzunguko safi unatokea pale mihimili miwili inapokuwa na pembe mraba na vipimo sawa.

Ule mlinganyo wa Bombelli una majibu mengine mawili. Zungusha 2 + i kwa nyuzi 120, kisha tena kwa 120: urefu haubadiliki, na kipeo cha tatu kinabaki 2 + 11i kwa sababu 120 mara tatu ni mzunguko kamili. Kila mara kipeuo cha pili ni taswira ya kioo ya kile cha kwanza na sehemu za i zinafutana, kwa hiyo chukua sehemu halisi, izidishe kwa 2. Utapata −2 − √3 na −2 + √3, zote namba halisi, na hata mojawapo huwezi kuifikia kwa kanuni ya Cardano bila kutoka nje ya mstari.