Ankara ya milioni saba: jinsi mkaguzi anavyopima uzito wa kosa na uhai wa kampuni

Mkaguzi wa hesabu hatafuti kila kosa. Hana muda huo, na hata angekuwa nao, msomaji wa hesabu hasaidiki kujua kwamba stakabadhi moja ya mafuta iliingizwa mara mbili. Anachotafuta ni makosa yenye uzito, na wenzetu wa fani wanauita uzito huo matirialiti. Kosa lina uzito ikiwa mtu anayezitegemea hesabu hizo, kama vile mwenye hisa, mkopeshaji au msambazaji, angeweza kuamua tofauti kwa sababu yake. Kipimo ni uamuzi wa msomaji, na ukubwa wa tarakimu ni dalili tu. Watu wengi hukosea hapo, wakiwamo wahasibu wazuri.

Tuchukue kampuni ya kufikirika inayosambaza vifaa vya ujenzi, yenye faida ya milioni 240 kabla ya kodi. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kinachohusu jambo hili, ISA 320, hakilazimishi asilimia yoyote. Ila kwa kampuni ya biashara yenye faida isiyoyumba, wakaguzi wengi huanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Hapa inakuwa milioni 12. Kisha mkaguzi anajiwekea kiwango cha chini zaidi cha kufanyia kazi, tuseme asilimia 75 ya hicho, yaani milioni 9, kwa sababu makosa madogo madogo hujumlika, na yapo ambayo hatayaona kabisa. Mwisho anaweka sakafu, tuseme laki sita. Kosa lililo chini ya hapo haliandiki hata kwenye orodha yake.

Sasa kazi inaanza. Mkaguzi anapitia malipo yaliyofanyika Januari na Februari, baada ya mwaka kufungwa, akiuliza kila moja: huduma hii ilipokelewa lini? Ndiyo njia ya kawaida ya kunasa madeni yaliyosahauliwa. Anakuta ankara ya usafirishaji ya milioni 7. Mizigo ilibebwa Desemba, ankara ikafika Januari, na deni halikuingizwa kwenye mwaka uliokwisha. Mhasibu mkuu anaitazama na kusema, "Iko chini ya kiwango chenu, si tuiache tu?"

Ukiangalia faida peke yake, ana hoja. Faida inashuka kutoka milioni 240 hadi 233, na hakuna mwenye hisa atakayeuza hisa zake kwa hilo. Lakini kampuni hii ina mkopo wa benki, na mkataba wake una sharti: kila mwisho wa mwaka, mali za muda mfupi ziwe angalau mara 1.2 ya madeni ya muda mfupi. Kwenye rasimu ya hesabu, mali hizo ni milioni 612 na madeni ni milioni 505. Gawanya, unapata 1.21. Sharti limetimia, kwa nywele. Ongeza ile ankara: madeni yanakuwa milioni 512, na uwiano unashuka hadi 1.195. Sharti limevunjwa.

Kosa lile lile, ambalo kwa faida lilikuwa dogo, sasa lina uzito kamili. Ndiyo maana ISA 450, inayoongoza tathmini ya makosa yaliyopatikana, inamtaka mkaguzi atazame ukubwa wa kosa pamoja na asili yake. Kosa dogo linalogeuza hasara kuwa faida, linaloficha uvunjaji wa sharti la mkopo, au linalompa meneja bonasi asiyostahili, huwa na uzito hata likiwa chini ya kiwango. Kwa maoni yangu, mkaguzi ambaye hajausoma mkataba wa mkopo kabla ya kupanga asilimia zake bado hajajua anapima nini.

Na jambo haliishii hapo. Sharti likivunjwa, mkataba huu unaipa benki haki ya kudai mkopo wote mara moja. Sehemu ya muda mrefu ilikuwa milioni 300. Kanuni za uhasibu zinasema kwamba kama siku ya kufunga mwaka kampuni haikuwa na haki ya kuahirisha malipo kwa angalau miezi 12, deni hilo linahamia kwenye madeni ya muda mfupi. Milioni 512 zinakuwa 812, dhidi ya mali za milioni 612. Pengo ni milioni 200, na sehemu kubwa ya hizo mali ni bidhaa ghalani na fedha ambazo wateja hawajalipa. Kampuni ina faida, lakini benki ikidai leo haina cha kulipa.

Hapo ndipo dhana ya pili inapoingia: uendelevu wa biashara. Hesabu za kawaida huandaliwa kwa kuchukulia kwamba kampuni itaendelea na shughuli zake. Ndiyo maana lori linaandikwa kwa gharama yake kutoa uchakavu, si kwa bei ya kulinadi kesho asubuhi. Ni kazi ya menejimenti kutathmini kama dhana hiyo inasimama, kwa kutazama mbele angalau miezi 12. Mkaguzi, chini ya ISA 570, anaipima tathmini yao.

Anaipima vipi? Anachukua makadirio yao ya mtiririko wa fedha, kwanza alinganishe makadirio ya mwaka jana na kilichotokea kweli. Kama walisema wateja watalipa ndani ya siku 60 na wakalipa ndani ya 90, mwaka huu naye anaweka 90 na kuona salio linageuka hasi mwezi gani. Wakimwambia mwenye hisa mkubwa ataongeza mtaji, haishii kwenye barua ya ahadi. Anataka kuona kama mwenye hisa huyo anazo hizo fedha. Nia bila uwezo haijazi pengo.

Baada ya hapo kuna matokeo machache. Shaka kuhusu uendelevu ikiondoka, hati ya mkaguzi, yaani maoni yake rasmi juu ya hesabu, ni safi. Shaka kubwa ikibaki, na kampuni ikaieleza wazi kwenye maelezo ya hesabu, hati bado ni safi, lakini inakuwa na sehemu yake maalumu inayomwelekeza msomaji kwenye shaka hiyo. Wengi huisoma sehemu hiyo kama hukumu ya kifo, na sivyo: maana yake ni kwamba kampuni imesema kweli kuhusu hatari yake. Kampuni ikikataa kueleza, ndipo inapata hati yenye shaka au hati mbaya. Na kama kampuni kwa hakika inafungwa lakini hesabu zimeandikwa kana kwamba itaendelea, ni hati mbaya moja kwa moja, hata wakieleza namna gani.

Kwa kampuni yetu, kila kitu sasa kinategemea barua ya benki ya kusamehe uvunjaji wa sharti, na jambo la kwanza kutazamwa ni tarehe yake. Ikiwa ilitolewa kabla ya mwaka kufungwa na inatoa muda wa angalau miezi 12 tangu siku hiyo, mkopo unabaki kwenye madeni ya muda mrefu. Ikiwa ilitolewa Februari, mkopo unabaki kwenye muda mfupi, kwa sababu siku ya kufunga haki ya kuahirisha haikuwapo. Barua hiyo ya Februari, hata hivyo, inaweza kuiondoa shaka ya uendelevu, mradi imesainiwa, haina masharti mapya yasiyotimizika, na muda wake unafika mwisho wa kipindi kinachotathminiwa. Ikiwa inasamehe kwa miezi mitatu tu, mkaguzi anarudi kwenye makadirio na kuuliza mwezi wa nne utalipwa na nini.