Taa ya WARM si kipimajoto
"Si wali ukiwa kwa kuka ya stima ya kupika wali, kwa WARM ile ya kuweka chakula kikiwa moto, hauwezi haribika hata ukikaa hadi usiku, bora taa inawaka?"

Hapana, taa inaonyesha tu kuna stima. Wali wenyewe lazima ukae digrii 60 ama zaidi, sasa hapa Kisumu stima ikipotea saa sita mchana irudi saa kumi na mbili jioni, kuka za kawaida zinaingia WARM zenyewe na ukifika home unaona taa tu, kumbe wali ulikaa vuguvugu masaa mengi, na mbegu za bakteria ya basilasi, zenye hazikufi kwa kuchemka, zikaamka zikatoa sumu. Hiyo sumu hata upashe aje haitoki. Dunga kipimajoto katikati ya wali ukiwa unashuku, na kama umekaa chini ya 60 kupita masaa mawili mwaga, hata kama haunuki.