Je, Wajua Kwa Nini “Mara Mbili Zaidi” Huangusha Tangazo la Kulinganisha?

“Maabara imeonyesha kwamba sabuni yetu ya unga ni bora kuliko ya mshindani. Kwa nini basi skripti yetu imerudishwa, na tuiandike upya vipi?”

Mara nyingi skripti ya namna hii hurudishwa kwa sababu jaribio lilithibitisha jambo dogo kuliko lile linalotamkwa na msimulizi. Anayeiandika upya huanza na ripoti ya maabara, akasoma nini kilipimwa, juu ya nini na dhidi ya nani, kisha akaipunguza sentensi mpaka ilingane na ripoti hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika skripti ya kwanza msimulizi anasema: “Sabuni za kawaida huacha madoa. Majaribio yamethibitisha: sabuni yetu inasafisha mara mbili kuliko sabuni nyingine yoyote!” Kwenye picha, mtu anatazama kwa uchungu shati lenye doa kubwa jeusi, anatupa jalalani pakiti ya kijani isiyo na jina, kisha anavaa shati linalong'aa. Ripoti nayo inasema kwamba vitambaa vya pamba vyenye doa la mafuta ya kupikia vilifuliwa kwa maji ya nyuzi 40, na kwamba sabuni yetu iliondoa asilimia 90 ya doa ilhali Sabuni B, inayouzwa zaidi sokoni, iliondoa asilimia 80. Madoa ya damu, majani na tope yalijaribiwa pia, na tofauti haikuonekana.

Hesabu ndiyo ya kwanza kuharibika. Tisini ikigawanywa kwa themanini haifikii mbili hata kidogo. Tumewazidi kwa sehemu moja ya nane tu. Mwandishi wa skripti hakuibuni “mara mbili” kutoka hewani, kwani aliangalia doa lililobaki, ambalo ni asilimia 10 kwetu na asilimia 20 kwa Sabuni B, akaona nusu, kisha akaigeuza nusu hiyo ya uchafu uliosalia kuwa maradufu ya usafi. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na msikilizaji aliyeko jikoni hana njia ya kujua kwamba vimebadilishwa. Kusema kwamba sabuni yetu huacha nusu ya mafuta yanayoachwa na Sabuni B ni sahihi kwa hesabu, lakini hata hapo lazima tuulize kama tofauti hiyo inaonekana kwa macho baada ya nguo kukauka, au inaonekana kwenye kifaa cha kupima mwanga peke yake. Ikiwa watu wanaopewa vitambaa hivyo viwili bila kuambiwa kipi ni kipi hawawezi kuvitofautisha, nambari iliyo kweli inauza faida ambayo mnunuzi hataipata, nami ningeiondoa kabisa.

Jambo la pili ni upana wa neno “inasafisha”. Jaribio lilihusu doa moja ambalo tulishinda, na madoa matatu ambayo tulitoka sare. Anayesikia “inasafisha” huelewa madoa yote, kwa hiyo neno “mafuta” lazima liingie ndani ya sentensi yenyewe inayotamkwa, lisiachiwe maandishi madogo chini ya skrini. Maandishi ya chini yanaweza kueleza masharti ya jaribio, lakini hayawezi kuikanusha sauti iliyokwisha kutangulia.

“Sabuni nyingine yoyote” ina kasoro kama hiyo, kwani aliyepimwa ni mmoja. Wengine hukimbilia maneno “hakuna inayotushinda”, wakidhani ni mepesi. Ni mepesi kwa kiasi fulani, kwa kuwa yanaruhusu sare, lakini bado yanahitaji ushahidi dhidi ya wapinzani wakuu wote sokoni. Ukiwa na jaribio dhidi ya Sabuni B, unaye mshindani mmoja wa kumtaja.

Kisha kuna neno “yamethibitisha”, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Castrol dhidi ya Quaker State kuhusu mafuta ya injini. Quaker State ilidai kwamba majaribio yalionyesha mafuta yake yanalinda injini vizuri zaidi inapowashwa. Kilichoonyeshwa na majaribio ni kwamba mafuta hayo yalifika haraka zaidi kwenye sehemu za injini. Ulinzi bora haukuonekana, kwa kuwa mafuta yaliyobaki tangu injini ilipotumika mara ya mwisho yalitosha kuilinda. Kwa dai linaloegemea majaribio, mlalamikaji hakulazimika kuthibitisha kwamba mafuta ya mpinzani si bora. Ilitosha kuonyesha kwamba majaribio hayo hayakulithibitisha dai hilo. Hivyo, kila unapoandika “majaribio yanaonyesha”, kinachofuata lazima kiwe kile hasa kilichopimwa.

Picha nayo ni dai. Shati la mshindani haliwezi kuwa na doa jeusi ikiwa sabuni yake iliondoa asilimia 80 ya doa. Chukua vitambaa vyenyewe vya jaribio, vipige picha chini ya taa ile ile, na uvionyeshe jinsi vilivyo. Pakiti ya kijani isiyo na jina haimsitiri mtu yeyote, kwa sababu ikiwa wanunuzi wanaitambua rangi hiyo, mshindani ametajwa. Kuitupa jalalani ni kumdhalilisha, na hakuhusiani na mafuta ya kupikia. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006, namba 2006/114/EC, linaruhusu tangazo la kulinganisha likihusu bidhaa zinazokidhi haja ile ile, likipima sifa muhimu zinazoweza kuthibitishwa, na bila kumvunjia heshima mshindani. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilieleza tangu 1979 kwamba kumtaja mshindani kwa jina kunakubalika, mradi mlinganisho uwe wa kweli na msingi wake uwe wazi. Naona kumtaja waziwazi ni uungwana zaidi kuliko kusema “sabuni za kawaida”, maneno yanayowapaka matope watengenezaji wote kwa jaribio lililomgusa mmoja.

Skripti iliyosahihishwa inakuwa hivi. Msimulizi: “Doa la mafuta ya kupikia kwenye pamba? Katika jaribio la maabara, sabuni yetu iliondoa mafuta mengi zaidi kuliko Sabuni B.” Vitambaa viwili vinaonekana bega kwa bega, kila kimoja na jina lake, na maandishi yanayosomeka yanasema: “Pamba, maji ya nyuzi 40, kipimo kilichoandikwa kwenye kila pakiti.” Sentensi imepoa kidogo, ni kweli, lakini mwenye nguo yenye mafuta ameambiwa jambo analoweza kulitumia.

Maneno hayo ya mwisho kuhusu kipimo yanamlazimu mwandishi kuirudia maabara na maswali kadhaa. Je, Sabuni B ilitiwa kwa kiasi kinachoelekezwa na mtengenezaji wake, au kilipunguzwa? Je, ni sabuni ya daraja moja na yetu, au tumeshindanisha ya bei ya juu na ya bei ya chini? Je, vitambaa vilikuwa vya kutosha hata tofauti ya asilimia 10 isiwe bahati tu? Majibu yake huwekwa kwenye faili kabla tangazo halijarushwa, pamoja na tarehe ya kununuliwa kwa pakiti zilizojaribiwa, kwa kuwa mshindani akibadilisha mchanganyiko wake, jaribio linakuwa limepima bidhaa isiyouzwa tena, na sentensi ile huondolewa hewani mpaka kipimo kirudiwe.