Gauti: dawa ya maumivu ni moja, dawa ya ugonjwa ni nyingine

Leo nataka niongelee gauti, wengine wanaita jongo, kwa sababu kliniki yangu ya viungo kila wiki napata mtu aliyeacha dawa sahihi akiamini ndiyo iliyomuumiza, na huwa simlaumu kabisa, maana hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Nianze na baba mmoja dereva wa lori, miaka 52, ana presha. Aliamka saa 8 usiku dole gumba la mguu wa kulia limevimba, limekuwa jekundu linang'aa, akaniambia "Daktari, hata shuka likinigusa nalia, mke wangu nimemwambia asikae kitandani maana kitanda kikitikisika tu naona nyota". Asubuhi akaenda kupima yuriki asidi, ile taka ya kwenye damu ambayo ikizidi ndiyo inaleta gauti, ikaja 6.4, akaambiwa hiyo iko ndani ya kiwango, sio gauti, labda umejigonga. Akapewa panado akarudi nyumbani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ukiwa katikati ya shambulio yuriki asidi kwenye damu inaweza kushuka ikaonekana ya kawaida, kwa hiyo kipimo cha siku ile hakitoshi kuiondoa gauti. Unarudia baada ya wiki 2 mpaka 4 shambulio likishapoa. Yeye tuliporudia ikaja 9.1. (Kama majibu yako yana namba kubwa kubwa kama 540 usishtuke, hiyo ni mikromoli kwa lita, gawa kwa 60 utapata miligramu kwa desilita ninazotumia hapa.)

Sasa hiyo yuriki asidi inatoka wapi? Seli za mwili zinapokufa na kujengwa upya, na nyama tunayokula, vyote vina purini, na mwili ukizivunja mabaki yake ndiyo hiyo. Karibu theluthi mbili inatolewa na figo kwenye mkojo, inayobaki inatoka kupitia utumbo. Wagonjwa wengi wa gauti tatizo lao kubwa sio kwamba wanatengeneza nyingi sana, ni kwamba figo hazitoi ya kutosha, kwa kurithi, au figo zimechoka, au kuna dawa inazuia. Huyu baba alikuwa anameza haidroklorothaiazidi, ile dawa ya presha ya kukojoza, na hiyo inaifanya figo ibakize yuriki asidi. Halafu bia jioni, nayo inaongeza.

Damu inaweza kuibeba mpaka kama 6.8 hivi, ikizidi hapo hiyo yuriki asidi inaanza kuganda. Fikiria asali ya Tabora ukiiweka sehemu ya baridi, taratibu chini ya chupa inaanza kufanya punje punje. Na ni hivyo hivyo kwenye mwili, penye ubaridi ndipo inapoganda kirahisi, na dole gumba liko mbali na moyo, lina baridi kuliko kifua, ni moja ya sababu ugonjwa unapenda kuanzia pale. Hizo punje za yuriki asidi ndizo fuwele, na ukiziona kwenye hadubini ni kama sindano nyembamba, na zinakaa kwenye kiungo miaka bila mtu kusikia chochote. Tena watu wengi wenye yuriki asidi ya juu hawapati gauti maisha yao yote, ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuumwa simpi dawa kwa sababu tu ya namba.

Shambulio linaanza fuwele zikichomoka kwenye gegedu zikaingia kwenye maji ya kiungo. Chembe walinzi wa mwili wanazikuta, wanadhani ni mdudu, wanazimeza, ila haziyeyuki, zinaichokoza chembe kutoka ndani mpaka inapiga kengele, yaani inamwaga kemikali inaitwa intalukini 1, na hiyo inaita chembe nyeupe za damu kwa mamilioni. Joto, wekundu, uvimbe na maumivu yote ni ya hilo jeshi lililoitwa, fuwele zenyewe hazichomi kama mwiba. Baada ya wiki moja au mbili jeshi linatulia lenyewe hata usipomeza kitu, lakini fuwele bado ziko pale pale.

Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti kabisa, kutuliza jeshi na kuyeyusha fuwele.

Kutuliza jeshi ndio kolkisini, au diklofenaki na ndugu zake, au prednisoloni. Kolkisini inafanya kazi vizuri ukiiwahi ndani ya saa 12 za kwanza, miligramu 1 halafu saa moja baadaye 0.5, basi, siku hiyo usiongeze. Zamani watu walikuwa wanameza mpaka waharishe, hiyo ni sumu, tusirudie. Mwenye figo mbovu diklofenaki simpi, mara nyingi namwandikia prednisoloni miligramu 30 kwa siku 5, na kama ana sukari anaipima kila siku. Na kiungo kimoja kikivimba pamoja na homa kali, usijitibu gauti nyumbani, kinaweza kuwa na usaha, lazima tuchomoe maji tuyaangalie.

Kuyeyusha fuwele ni alopurinoli, na hiyo haitulizi maumivu hata kidogo. Huyu baba shambulio la pili alienda duka la dawa akauziwa alopurinoli ya 300 aimeze peke yake, siku ya nne kifundo cha mguu wa kushoto nacho kikavimba, akaitupa. Kilichotokea ni kwamba yuriki asidi iliposhuka ghafla, fuwele za zamani zikaanza kumomonyoka, vipande vikaingia kwenye kiungo na jeshi likaitwa upya. Yaani dawa ilikuwa inafanya kazi, ila ilianzishwa kwa kishindo na bila kinga.

Tukaanza upya. Dawa ya presha tukabadilisha akapewa losatani, ambayo inasaidia kidogo kutoa yuriki asidi. Alopurinoli miligramu 100, na pamoja nayo kolkisini 0.5 kila siku kwa miezi 6 ya kulinda. Kila wiki 4 tunapima, tunaongeza 100. Ikaenda 8.0, 6.9, 6.1, alipofika 400 ikawa 5.5. Lengo ni chini ya 6, kwa sababu chini ya hapo fuwele zinayeyuka na mpya hazitengenezwi. Wiki ya 6 alishambuliwa tena, kidogo, akanipigia anataka kuacha, nikamwambia baba usiache, ongeza ya kutuliza, ya kuyeyusha endelea nayo. Kitu pekee ambacho kingenifanya nimwambie aache mara moja ni vipele mwilini au vidonda mdomoni, hasa miezi 2 ya mwanzo, hiyo ni dharura, unaenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na chakula? Punguza bia, maini, figo, nyama choma ya kila siku na soda, ila ujue chakula peke yake kinashusha kama 1 hivi, kutoka 9.1 usingefika 6. Maharage na mchicha, ambavyo watu wanakatazwa sana huku kwetu, havijaonekana kuleta gauti, mle tu.

Baba alikuwa na uvimbe mgumu kwenye kiwiko, saizi ya punje ya hindi, ni fuwele zilizorundikana. Mwezi wa 14 alikuja akakunja mkono akanionyesha, nikapapasa nikaukosa. Alopurinoli bado anameza kila asubuhi.