Jiko la udongo linachelewa chai, linawahi maharage

Je, wajua? "Kwa nini jiko langu jipya la udongo linachelewa kuchemsha chai ya asubuhi kuliko lile la bati, halafu naambiwa ndilo linalobana mkaa?"

Kwa sababu chungu cha ndani nacho kinakunywa joto kabla sufuria yako haijapata lake. Hilo ni deni la mara moja tu. Jiko la bati lenyewe hudaiwa muda wote linapowaka.

Liangalie jiko la bati jioni, mwanga ukishafifia. Ubavu wake unaiva mpaka unakuwa mwekundu, na ukikaa karibu magoti yanaungua. Joto hilo ni mkaa wako unaopasha ukuta wa jikoni. Mafundi wa jua kali wa Nairobi, pale Shauri Moyo na kwingineko, walipoanza kutengeneza jiko la udongo miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, walichofanya hasa ni kuweka chungu kati ya makaa na bati. Udongo haupitishi joto upesi, kwa hiyo makaa yanabaki ya moto sana na joto lake linaelekea juu, kwenye kitako cha sufuria.

Tofauti hii unaweza kuipima mwenyewe kwa mizani ya jikoni na kipimajoto. Pima maji lita 2.5 kwenye sufuria isiyofunikwa. Mkaa ukishashika, pima jiko zima pamoja na mkaa wake, ukitanguliza kigae juu ya mizani isije ikayeyuka. Injika sufuria. Maji yakichemka kwelikweli, pima tena jiko, kisha sufuria. Uzito uliopungua kwenye jiko ni mkaa ulioungua, na ule uliopungua kwenye sufuria ni maji yaliyopotea kama mvuke.

Tufanye hesabu ya mfano. Uko Dar es Salaam, maji yana nyuzi 27 na yatachemka kwenye 100. Kupasha kilo 1 kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.186, kwa hiyo 2.5 × 4.186 × 73 ni kama 764. Tuseme gramu 100 zimegeuka mvuke: kila kilo ya mvuke hula kilojuli 2,260, basi hapo ni 226. Jumla sufuria imepokea 990. Kilo ya mkaa mkavu ina takriban kilojuli 29,000. Kama jiko la bati limeunguza gramu 190, limetoa 5,510, na ufanisi wake ni 990 ÷ 5,510, yaani asilimia 18. Kama la udongo, likiwa limeshapata moto, limeunguza gramu 115, ufanisi ni karibu asilimia 30. Majiko mengi ya aina hizi mbili huangukia karibu na hapo.

Nimesema likiwa limeshapata moto, na hapo ndipo chai yako ilipo. Chungu cha kilo 2 kikipanda nyuzi 300 hufyonza zaidi ya kilojuli 500, sawa na gramu 17 hivi za mkaa. Ndiyo maana wapimaji huchemsha maji mara mbili, kwanza jiko likiwa baridi, kisha likiwa moto, halafu huyaacha yatokote taratibu kwa dakika 45. Anayepika chai tu na kuzima hataona faida kubwa. Anayeunganisha chai, maharage na wali kwenye moto mmoja ataiona kwenye gunia.

Kuna mtego mmoja kwenye hesabu hii. Mvuke unahesabiwa kama kazi iliyofanyika, ingawa maharage hayaivi upesi zaidi kwa sababu maji yanarukaruka. Jiko lisilopunguzika moto linaweza kupata alama nzuri huku likimwaga mkaa hewani. Kwa hiyo kijidirisha cha hewa kina thamani sawa na chungu: maharage yakishachemka, kifunge kiasi, na funika sufuria. Pia asilimia hizi hazisemi lolote kuhusu hewa ya sumu ya mkaa, ambayo haina harufu. Jiko banifu nalo linaua kwenye chumba kilichofungwa.

Ukitaka kulinganisha majiko yako, tumia sufuria ileile na mkaa wa gunia moja, mahali pasipo upepo. Mkaa uliolowa utakudanganya, kwa kuwa sehemu ya moto wake inakausha maji yaliyomo ndani yake. Na chungu kikizeeka, nyufa nyembamba zisikutishe. Angalia rangi ya bati kwa nje: ikianza kubabuka sehemu moja, udongo wa ndani umemeguka hapo, na jiko limeanza kurudi kuwa la bati.